Unasema forty, simu inaandika 14: namna ya kuifanya ielewe Kiingereza chako

Kisaidizi cha sauti kwenye simu hakikosei ovyo. Mtu wa Rungwe, Mbozi au Kilolo akisema amri kwa Kiingereza alichojifunza shuleni, makosa huangukia palepale kila siku, na ukishapajua hapo mahali unaweza kuyaondoa mengi bila kubadilisha unavyoongea. Mwongozo huu ni wa kupatafuta na kuparekebisha.

Kwanza niseme kwa nini tunahangaika na Kiingereza wakati Kiswahili tunacho. Kuandika kwa sauti kwenye kibodi ya Google kunapokea Kiswahili tangu 2017, kwa hiyo ujumbe wa kumtumia shangazi unaweza kuusema kwa Kiswahili na simu ikauandika. Lakini Google Assistant ile ya kawaida, na Siri ya iPhone, hazina Kiswahili kwenye orodha ya lugha zao. Ukitaka kuweka taima, kupiga simu au kukumbushwa jambo huku mikono ina unga au umeshika usukani, amri utaitoa kwa Kiingereza. Na wengi wetu huku kwetu Kiingereza kinakuja baada ya Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe au Kibena, kikapitia Kiswahili, ndipo kikafika mdomoni. Mifano yangu mingi ni ya Google Assistant kwenye Android. iPhone nitaitaja inapokuwa na njia yake.

Sasa jambo la kuelewa kabla ya hatua yoyote. Simu inapokusikiliza inafanya kazi mbili kwa pamoja: inapima sauti uliyotoa, na inakisia ni mfuatano gani wa maneno unaoelekea zaidi kuwa ndio uliousema. Ukisema "Set a timer for", hata kama kinywani mwako imetoka "seti e taima fo", itakuelewa, kwa sababu hakuna maneno mengine mengi yanayoweza kukaa pale. Ukisia huo wa simu unakubeba. Ila baada ya "for" ukisia unakuacha. Pale namba yoyote inaweza kukaa: 14 ina haki sawa na 40. Kilichobaki kuamua ni sauti yako peke yake. Ni vivyo hivyo kwa jina linalofuata baada ya "Call". Ndiyo maana mtu anaweza kusema sentensi ndefu ikaandikwa sawasawa, halafu namba moja ndani yake ikawa siyo. Kwa hiyo kazi yetu ni namba na majina. Mengine yaache yalivyo.

Hatua ya kwanza: hakikisha kosa ni la lafudhi

Kaa mahali palipotulia, simu iwe umbali wa kiganja kimoja au viwili kutoka mdomoni. Sema sentensi moja, kwa mfano "Set a timer for forty minutes", kisha irudie mara mbili bila kubadilisha chochote. Soma kilichoandikwa kila mara. Kosa likirudi lilelile mara zote tatu, simu imekusikia vizuri ila imetafsiri sauti yako vingine, na hiyo ni lafudhi. Makosa yakiwa tofauti kila mara, leo 14, mara 44, mara neno lisilohusika, basi tatizo ni usikivu: kelele, maiki au mtandao.

Usikivu una dawa zake. Mvua ya Tukuyu ikipiga bati hakuna kisaidizi kitakachokusikia ukiwa umbali wa meza, isogeze simu karibu na mdomo. Simu nyingi zina tundu la maiki chini, jirani na sehemu ya kuchajia, na tundu hilo huziba unga, vumbi au kava lisilolingana na simu. Lipitie kwa brashi laini iliyo kavu. Sindano usiiingize humo. Mtandao ukiwa dhaifu, sauti yako inaweza kuchakatwa ndani ya simu tu, na huko huwa na uwezo mdogo zaidi. Jaribu tena mtandao ukiwa mzuri kabla ya kuilaumu lafudhi.

Hatua ya pili: chagua Kiingereza kilicho jirani na chako

Simu nyingi zinanunuliwa zikiwa zimewekwa Kiingereza cha Marekani, na wenye nazo hawakigusi tena. Mwambie kisaidizi "Open Assistant settings", ingia kwenye `Languages`, utaona Kiingereza cha nchi mbalimbali. Kwenye kuandika kwa sauti kwa Google kuna hata `English (Kenya)` na `English (Tanzania)`, na kwenye Siri iliyo karibu nasi ni ya Afrika Kusini.

Usichague kwa jina la nchi. Andika sentensi kumi unazozitumia kweli, ziseme zote chini ya Kiingereza cha kwanza, weka alama kwenye kila iliyokosewa, kisha badilisha uzirudie. Nashauri uijaribu `English (India)` hata kama inaonekana ya mbali. Kiingereza cha Wahindi wengi kinatamka silabi kwa uzito unaokaribiana, kama tunavyofanya sisi, na irabu hazimezwi sana. Kwa baadhi ya watu inaelewa kuliko ya Uingereza, kwa wengine haina tofauti. Majaribio yako ndiyo yatakayoamua. Wakati wa kujaribu acha lugha moja tu kwenye orodha, kwa sababu zikiwa mbili simu inaanza kwanza kukisia unaongea ipi, na hapo hutajua kosa limetoka wapi.

Halafu usichanganye. "Set taima ya dakika forty" tunaielewa sisi kwa sisi. Kwa simu iliyowekwa Kiingereza, "ya dakika" italazimishwa kuwa maneno ya Kiingereza na sentensi nzima itavurugika.

Hatua ya tatu: soma simu ilichosikia

Watu wengi hujua tu kwamba "haijanielewa". Hiyo haitoshi. Unatakiwa ujue imeandika nini badala ya nini. Ukiwa umeingia kwenye akaunti yako ya Google, fungua `myactivity.google.com` na uchague Assistant. Kama kuhifadhi shughuli kumewashwa kwenye akaunti, utaona amri zako za siku zilizopita, kila moja na maandishi ya kile simu ilichokisikia. Chukua daftari, gawanya ukurasa mara mbili: nilichosema, kilichoandikwa. Jaza siku mbili tatu. Kisha angalia ni sauti zipi zinazojirudia.

Nitaeleza ya dada mmoja mwoka keki hapa Tukuyu, kwa sababu daftari lake linaonyesha karibu kila kitu. Lugha yake ya nyumbani ni Kinyakyusa. Anaoka keki za oda kwenye oveni moja, mikono muda wote ina unga au siagi, na simu anaiweka juu ya kabati aiamrishe kwa sauti. Shida iliyomleta ilikuwa ya taima kulia mapema. Alikuwa akisikia mlio, anafungua mlango wa oveni, na keki iliyokuwa bado mbichi katikati inanywea. Alidhani ni oveni.

Tulifungua orodha ya shughuli zake tukasoma pamoja. "Set a timer for forty minutes" ilikuwa imeandikwa mara nyingi kama dakika 14. "Set a timer for fifteen minutes", ya biskuti, ilikuwa mara 15, mara 50. "Add flour to my shopping list" ilikuwa imeandikwa "flower", ua la bustanini. Na kila alipojaribu kumpigia mama anayemletea mayai, simu ilikuwa imeandika kitu kingine kabisa.

"Kwa hiyo kaka, Kiingereza changu ndicho kibaya kiasi hiki?" aliuliza.

"Hapana dada. Angalia vizuri. Maneno yote ya mwanzo yamekaa sawa. Ni namba na jina tu."

Na moja kati ya hayo halikuwa kosa lake hata kidogo. "Flour" na "flower" hutamkwa sawa, hata Mwingereza huandikiwa ua. Dawa yake ni kusema "wheat flour", kwa sababu hakuna ua la namna hiyo, na ukisia wa simu utakwenda kwenye unga wenyewe. Nalitaja hili kwa sababu ukiwa na daftari utakutana na makosa ya aina hii, na ni vema uyafute usije ukaufundisha ulimi kitu ambacho hauna kosa nacho.

Hatua ya nne: namba

Hapa ndipo penye kazi, tuende polepole.

Kwenye Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na irabu zetu zote hutamkwa kamili, hakuna inayomezwa. Kinyume chake, Kiingereza hutofautisha "forty" na "fourteen" kwa mambo hayohayo mawili. "Forty" ina uzito mwanzoni, na "ti" ya mwisho ni fupi na hafifu. "Fourteen" ina uzito mwishoni, na "tiin" ni ndefu. Sisi tunapotamka "foti" tunaipa "ti" yake haki kamili, inatoka nzito. Kisha linafuata neno "minutes", linaloanza na m. Simu inasikia "fo", halafu "ti" nzito, halafu sauti ya puani. Kwayo hiyo ni "fourteen". Ndiyo maana dada yule alikuwa akipata 14 hasa neno lilipofuatiwa na dakika. Alipotaja namba peke yake, ilitoka 40.

Dawa ya kwanza haigusi ulimi kabisa: tenganisha namba na ile m. Sema "forty-one minutes". Hakuna namba inayoitwa "fourteen-one", kwa hiyo simu haina pengine pa kwenda, na tena "one" linaanza na w, ile sauti ya puani haipo karibu. Dakika moja ya ziada haiharibu keki. Njia hii inafaa kwa makumi yote yenye pacha: 30, 40, 50, 60, 70, 80 na 90. Dakika 30 zenyewe ziite "half an hour". Na kama unataka saa na nusu, "one hour and a half" ni salama kuliko "ninety minutes".

Dawa ya pili ni ya 13 hadi 19, ambazo huwezi kuziongezea moja. Hizi zinahitaji ulimi kidogo, ila njia yake tunayo tayari. Sema "fiftini" kama anavyosema mtoto anayeanza kusoma Kiingereza, na i yake ya mwisho. Sikiliza mkazo ulipo: uko kwenye "ti", kwa sababu hiyo sasa ndiyo silabi ya pili kutoka mwisho. Hapo hasa ndipo Kiingereza kinapoutaka. Sasa sema tena vilevile, vuta ile "ti", na i ya mwisho imeze kabla haijatoka: "fifTIIN". Shida huanza tunapoikata i ya mwisho na mkazo ukarudi nyuma ukawa "FIFtin", maana hapo tofauti na "fifty" inabaki kuwa n moja tu, na n hiyo inazama kwenye m ya "minutes". Kwa hiyo kata irabu, uzito uache ulipokuwa.

Fanya zoezi hili kwenye programu yoyote ya kuandikia, kibodi ikiwa Kiingereza na alama ya maiki imewashwa. Tumia sentensi nzima, kwa mfano:

```
Set a timer for fifteen minutes
Set a timer for fifty-one minutes
Wake me up at six fifteen
```

Neno moja peke yake halifai kwa majaribio, kwa kuwa utamkaji wake hubadilika likikaa katikati ya mengine, kama tulivyoona kwenye "minutes". Ukiona 15 inaandikwa sawa kila unaporudia sentensi, rudi kwenye kisaidizi chenyewe.

Kwa alamu unaweza kukwepa kabisa: "quarter past six" badala ya "six fifteen", "ten to seven" badala ya "six fifty". Ila kumbuka kwamba simu inahesabu saa za Kizungu. Saa kumi na mbili na robo asubuhi kwetu ndiyo "quarter past six in the morning". Nimeona watu wakilaumu lafudhi kwa alamu iliyolia saa sita usiku, kumbe walitaka saa kumi na mbili asubuhi, wakaitafsiri moja kwa moja kuwa "twelve".

Na jambo moja la kuzoea: kisaidizi hurudia namba kabla ya kuanza kuhesabu. Isikilize hiyo namba. Ikisema "fourteen", sema "Cancel" palepale. Dada yule sasa haondoki mbele ya kabati mpaka asikie "forty-one".

Hatua ya tano: majina

Majina mengi ya ukoo ya Wanyakyusa yanaanza na Mwa-, na Kiingereza hakina maneno yanayoanza na m na w zikiwa zimeungana hivyo. Ukisema "Call Mwakalinga", simu itatafuta maneno ya Kiingereza yanayofanana na hiyo sauti, na inaweza kukuandikia kitu kama "my car linger". Hapa hata utamke vizuri kiasi gani, kosa haliko kwako.

Fungua jina hilo kwenye `Contacts`, bonyeza kuhariri, ongeza sehemu zaidi mpaka uone `Nickname`. Hapo weka jina la amri. Jina halisi linabaki lilivyo, hili ni la kuitia tu. Chagua maneno ambayo Kiingereza na Kiswahili vinayatamka karibu sawa. Yaishie na irabu, yawe na mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na yasiwe na r, l wala th. Yapo mengi kuliko unavyodhani: "banana", "potato", "mango", "coffee", "mama". R na l nazikwepa kwa makusudi. Lugha kadhaa za huku hazizitenganishi hizo sauti mbili, na mtu aliyekulia ndani ya lugha hizo atazibadilisha bila kujisikia, hasa akiongea haraka.

Nilipopendekeza mama wa mayai aitwe "Potato", dada alikataa.

"Kaka, mama mtu mzima yule, mimi nimwite kiazi?"

"Hataona. Ni ndani ya simu yako tu."

"Hata kama. Basi awe Mama Mango."

Likawa bora kuliko langu, kwa sababu maneno mawili ni vigumu kuchanganywa na jina lingine lililoko kwenye simu. "Call Mama Mango" inampata hata akiwa anakoroga unga. Weka majina ya namna hii kwa watu watano au sita unaowapigia zaidi, usiwape wote.

Hatua ya sita: amri yako mwenyewe

Kuna amri ambazo hata baada ya yote haya hazikubali. Kwenye mipangilio ya Assistant ingia `Routines`, tengeneza mpya. Inakuuliza vitu viwili: utasema nini, na simu ifanye nini. Sehemu ya kwanza andika maneno mepesi kwa kinywa chako, kwa mfano "mango coffee". Sehemu ya pili andika kwa vidole amri kamili:

```
Set a timer for 40 minutes
```

Sasa namba haipiti tena kinywani. Imeandikwa, haiwezi kugeuka 14. Unaruhusiwa kuweka maneno zaidi ya mamoja ya kuanzishia, na hapa daftari lako linafaa tena: kama simu huwa inaandika "mango copy" kila unaposema "mango coffee", ongeza na hilo "mango copy". Unakubaliana na inavyokusikia. Dada wa keki ana amri mbili za namna hii, moja ya keki na nyingine ya biskuti, na ndizo anazotumia kutwa.

Kwenye iPhone kuanzia iOS 18 kuna njia iliyo bora zaidi kwa jambo hili. Ingia `Settings`, `Accessibility`, kisha `Vocal Shortcuts`. Unachagua kitendo, unaandika maneno, halafu unayasema mara tatu kwa sauti yako, na simu inajifunza namna wewe unavyoyatoa. Kwa kuwa inalinganisha na sauti yako mwenyewe, lafudhi haina nafasi ya kuharibu. Chagua maneno ambayo hayatokei kwenye mazungumzo ya kawaida, la sivyo itafanya kazi usiyoiagiza.

Mambo mawili yanayopoteza muda wa watu

La kwanza ni kurudia kusajili sauti. Ile sehemu ya `Voice Match`, unapoombwa kusema "Hey Google" mara kadhaa, inaifundisha simu kujua kwamba ni wewe unayeita na siyo mwingine. Haiifundishi lafudhi yako. Isajili upya kama simu haiamki unapoiita. Kama inaamka vizuri halafu inakosea namba, kusajili upya hakutabadilisha chochote.

La pili ni kuongea polepole kwa kukatakata: "Se-ti. E. Ta-i-ma." Ndivyo tunavyomsaidia mtu asiyeelewa, lakini mashine hizi zimefundishwa kwa sauti za watu wanaoongea kwa mwendo wa kawaida, maneno yakifuatana. Ukikatakata, kila silabi inapata uzito ambao neno halina, na zile irabu tunazozibandika mwishoni zinazidi kusikika. Pia ukinyamaza katikati, simu inadhani umemaliza na inafanya ilichokipata. Panga sentensi kichwani kwanza, kisha iseme mara moja, kwa mwendo uleule ambao ungeusema kwa mwenzako aliye upande wa pili wa meza.

Baada ya wiki mbili hivi fungua tena orodha ya shughuli ulinganishe na daftari la mwanzo. Yatakayokuwa yamebaki ni machache, na mara nyingi ni neno moja au mawili. Yatafutie neno mbadala au amri yako mwenyewe.

Kiasi cha pesa na namba ya simu ya mtu mgeni usivipitishe kwa sauti. Pale kila tarakimu inaweza kuwa yoyote, ukisia wa simu hauna cha kushika, na 15,000 kugeuka 50,000 ni silabi moja tu. Hizo ziandike kwa kidole, uzisome kwenye kioo kabla ya kubonyeza kutuma.